Uume ulioanza kupinda ukubwani: kovu likiwa bado linasogea, kisu kisubiri

"Daktari, habari za kazi. Nina miaka 53, naishi Sakina, Arusha, nina kisukari mwaka wa nane sasa. Miezi saba iliyopita uume ulianza kuuma kila ukisimama. Sasa umepinda kuelekea tumboni, na nikipapasa kwa juu nagusa kitu kigumu kama punje ya hindi. Rafiki mmoja anasema nikafanyiwe upasuaji haraka kabla haujaharibika kabisa, mwingine ananiuzia mafuta ya kuchua. Mke wangu bado sijamwambia. Nianzie wapi?"

Kaka, upasuaji usiufanye sasa, na hayo mafuta yaache kabisa. Dalili zako zinalingana na ugonjwa wa Peyronie, ambao umepewa jina la François Gigot de la Peyronie, mpasuaji wa mfalme wa Ufaransa aliyeuandika mwaka 1743. Daktari atauthibitisha kwa kukupapasa, na mara nyingi hahitaji kipimo kingine ili aujue. Si saratani wala haugeuki kuwa saratani. Si ugonjwa wa zinaa, hauambukizi, na hakuna aliyekutupia. Hata mambo ya ujanani ambayo wanaume wengi hujilaumu kwayo hayahusiki.

Ndani ya uume kuna mirija miwili ya nyama laini kama sponji, imelala sambamba, na kila mmoja umevikwa ala ngumu. Unaposimama, damu hujaa kwenye sponji, ala inatanuka mpaka inakaza, na kukaza huko ndiko kunakoleta ugumu. Chukua tyubu ya baiskeli yenye kiraka kikubwa upande mmoja, ijaze upepo ukiwa umeitoa nje ya tairi. Upande usio na kiraka unatanuka, wenye kiraka haufuati, na tyubu inapinda kuelekea kwenye kiraka. Punje unayoigusa ndiyo kiraka chako. Ni kovu ndani ya ala, na kwa kuwa limekaa juu, uume unavutwa kuelekea tumboni. Huko ndiko wengi wenye ugonjwa huu hupinda.

Kovu lenyewe mara nyingi huanza na majeraha madogo ambayo mtu hata hayakumbuki. Wakati wa tendo, uume usiokaza vizuri ukijikunja au ukiteleza na kugonga mfupa wa kinena, nyuzi za ala huchanika kidogo na damu kidogo huvuja katikati ya tabaka zake. Kwa wanaume wengi jeraha hilo hupona bila alama. Kwa baadhi, amri ya mwili ya kujenga kovu haizimiki. Nyuzi ngumu zinaendelea kupangwa ovyo, zile zinazonyumbuka zinapotea, na baadaye sehemu hiyo inaweza hata kuwekewa chokaa na kuwa ngumu kama mfupa.

Kisukari kinaingia hapo kwa njia mbili. Kinaharibu mishipa midogo ya damu, hivyo uponaji unakuwa mbovu. Pia kinapunguza ugumu wa uume, na uume uliosimama nusu ndio unaojikunja kirahisi. Umri wako nao unahusika, kwa sababu ala hupungua kunyumbuka baada ya miaka 50, na sigara huzidisha. Kuna kitu kimoja ambacho unaweza kukipima mwenyewe leo: laza kiganja juu ya meza, vidole vimenyooka. Kama kidole cha pete au kidole kidogo hakilali, na kwenye kiganja unagusa kamba ngumu chini ya ngozi, una ndugu wa ugonjwa huu, kovu la kiganja linaloitwa Dupuytren. Mtajie daktari, na mwambie pia kama baba au kaka yako ana vidole vya namna hiyo, kwa sababu mwelekeo huu huenda na ukoo.

Sasa nieleze kwa nini nasema kisu kisubiri, maana kosa la kukimbilia kisu ndilo gumu kurekebisha.

Ugonjwa huu una vipindi viwili. Cha kwanza kovu linachemka: kuna uvimbe wa ndani, kuna maumivu, na pindo linabadilika mwezi hadi mwezi. Huchukua kati ya miezi 6 na 18. Cha pili kovu limetulia, maumivu yameisha, na pindo limebaki palepale lilipofika. Mpasuaji akikunyoosha katika kipindi cha kwanza, anakunyoosha kwa vipimo vya siku hiyo. Kovu likiendelea kujikunyata, baada ya miezi minne unaweza kujikuta umepinda tena, pengine upande mwingine, na safari hii una makovu ya upasuaji juu ya kovu la ugonjwa. Ndiyo maana wapasuaji wa njia ya mkojo husubiri mpaka utimie takribani mwaka tangu dalili ianze, na ndani yake iwepo angalau miezi mitatu, vizuri zaidi sita, bila maumivu na bila pindo kubadilika. Wewe una miezi saba na bado unaumwa. Hujafika huko.

Maumivu yenyewe yatakuacha. Kwa wanaume walio wengi huisha ndani ya mwaka, hata bila matibabu. Lakini yakiisha usidhani pindo nalo linaondoka, kwa sababu hapo ndipo wengi hujidanganya, wakasubiri miaka wakingoja lijinyooshe. Wanaojinyoosha bila matibabu ni wachache, takribani mmoja kati ya kumi. Waliobaki, baadhi hukaa vilevile na baadhi huzidi.

Kujua kama kovu limetulia kunahitaji kipimo, kwa sababu jicho husahau. Kazi hii utaifanya nyumbani, na hakuna hospitali itakayoifanya vizuri kama wewe, kwa kuwa daktari atakuona mara moja katika miezi kadhaa tena uume ukiwa umelala.

Chagua siku moja ya mwezi, mathalani tarehe 1. Asubuhi uume ukiwa umesimama vizuri, piga picha kwa simu: moja ukiwa umesimama wima, simu iko ubavuni kwako, kimo cha kinena, nyingine kutoka juu ukiangalia chini, ya tatu kutoka mbele. Simu iwe mbali kwa kiasi kilekile kila mwezi, na isiinamishwe. Kisha chukua kipimapembe cha mtoto kutoka kwenye mkebe wake wa hesabu, fungua picha ya ubavuni, uweke juu ya kioo cha simu. Vuta mstari wa kufikirika kufuata shina la uume kutoka kinenani, uendelee nao mbele kana kwamba uume umenyooka. Mstari wa pili ufuate sehemu iliyo mbele ya pindo mpaka kichwani. Pembe kati ya mstari ulioendelea na huu wa pili ndiyo pindo lako. Uume ulionyooka una nyuzi 0, na ukipinda kama kona ya meza ni nyuzi 90. Andika kwenye daftari tarehe, nyuzi, na maumivu kwa alama kutoka 0 hadi 10.

Kuna makosa mawili yanayoharibu kipimo hiki. La kwanza ni kupiga picha uume ukiwa nusu. Pindo huonekana dogo kuliko lilivyo, mwezi unaofuata ukipiga ukiwa umekaza vizuri unadhani umezidiwa. Mwezi ambao haukusimama vizuri uandike hivyo, usitoe nyuzi. La pili ni kuhangaikia tofauti ndogo. Kwa kipimapembe juu ya simu, nyuzi 5 huku na huku ni mkono kutikisika tu. Ichukulie tofauti kuwa ya kweli inapofika nyuzi 10 au inapoongezeka miezi miwili mfululizo upande uleule.

Na picha hizo, kaka, zifungie kwenye folda yenye namba ya siri, uzime ile tabia ya simu kupeleka picha mtandaoni yenyewe. Hakuna haja ya kumtumia mtu yeyote kwa WhatsApp. Utamwonyesha daktari ana kwa ana.

Mara mbili au tatu kwa mwaka pima na urefu. Uume ukiwa umelala, shika kichwa uuvute taratibu mpaka ukaze bila kuuma, bonyeza rula kwenye mfupa wa kinena kwa juu, soma mpaka ncha. Kovu hufupisha hata pale lisipopindisha sana, na ni vizuri uujue urefu ulioachiwa na ugonjwa ili baadaye usiulaumu upasuaji kwa kilichoondoka kabla yake.

Wakati unasubiri kuna matibabu, na la kwanza ni sukari. Pima ile sukari ya miezi mitatu, kisha uishughulikie na daktari wako wa kisukari mpaka iwe karibu na 7 kwa mia, kama amekuwekea lengo hilo. Hili litaamua mambo mawili mbele ya safari: ugumu wa uume, na kama jeraha la upasuaji litapona bila kuoza.

Maumivu yakikusumbua anza na parasetamo. Dawa za jamii ya ibuprofeni hutuliza maumivu ya kipindi hiki vizuri zaidi, lakini kwa mwenye kisukari sikubali azimeze kiholela. Pima figo kwanza, na kama una presha au vidonda vya tumbo mwambie daktari kabla. Zikikubalika, miligramu 400 baada ya chakula kwa siku chache zile kali zinatosha. Usimeze dawa ya maumivu ili uweze kuendelea na tendo kwa nguvu, kwa sababu maumivu ndiyo yanayokuonya kwamba ala inavutwa kupita kiasi.

Tendo la ndoa halijakatazwa. Kinachotakiwa ni kuepuka uume kujikunja. Usianze ukiwa haujakaza. Tumia kilainishi cha maji, nenda taratibu, na acheni kwa sasa mkao wa mke juu, kwa sababu uume ukichomoka anaporudi chini uzito wote unaangukia kwenye pindo. Kama ugumu umepungua, daktari anaweza kukupa tadalafili miligramu 5 kila siku, au kidonge kikubwa zaidi siku ya tendo. Haiyeyushi kovu, ila uume uliokaza haujikunji ovyo. Sharti lake halina mjadala: kama unatumia dawa ya moyo ya jamii ya naitreti, ile ya kuweka chini ya ulimi kifua kikibana, tadalafili na zote za jamii yake ni marufuku kwako, kwa sababu presha inaweza kushuka ghafla na kukuua. Kwa hiyo usiinunue dirishani bila kuonwa.

Kisha kuna kuvuta. Si kuchua, ni kuvuta kwa kifaa maalumu kinachoshika kichwa cha uume na kuunyoosha kwa nguvu ndogo, iliyopimwa, kwa muda mrefu. Nguvu ndogo ya kudumu huzilazimisha seli za kovu kupanga upya nyuzi zao, wakati nguvu kubwa ya ghafla huzichana na kuanzisha jeraha jipya. Ndiyo sababu nimekuambia uache mafuta ya kuchua: mkono unaokandamiza kovu linalochemka unafanya kazi ileile iliyolileta. Vifaa vya zamani huvaliwa saa tatu mpaka nane kwa siku, na vipya kati ya dakika 30 na 90. Inachukua angalau miezi mitatu ndipo tofauti ionekane, nayo huwa ya kiasi: nyuzi kumi na kitu kwa anayevumilia, na urefu kidogo kurudi. Wengi huacha kwa uchovu.

Vifaa hivi huagizwa na si rahisi kwa bei. Mbadala unaopatikana kwa urahisi zaidi ni pampu ya kuvuta hewa, ile ya bomba la plastiki, dakika 10 asubuhi na 10 jioni kwa wiki 12, bila kufunga mpira kwenye shina la uume. Kwa mwenye kisukari naongeza tahadhari, kwa sababu hisia za ngozi yako huenda zimepungua. Baada ya kila zoezi angalia ngozi kwenye mwanga. Ukiona malengelenge, wekundu usioondoka ndani ya saa moja au rangi ya zambarau, pumzika siku tatu na upunguze nguvu. Kama unatumia dawa za kuyeyusha damu, usianze bila daktari.

Dukani utatajiwa vidonge vingi. Vitamini E imetumika kwa miaka mingi kwa sababu ni rahisi na haidhuru kwa dozi ndogo, lakini ilipolinganishwa na kidonge kitupu haikunyoosha mtu. Tamoksifeni na mafuta ya samaki ni hivyohivyo. Mashine ya mawimbi ya mshtuko hupunguza maumivu tu, pindo hailigusi, na kwa kuwa maumivu yako yataisha yenyewe sioni sababu ya kuilipia. Mionzi usikubali.

Sindano ndani ya kovu ni jambo la kweli, na ni vyema ulijue kabla mtu hajakuuzia. Iliyothibitishwa kuliko zote ni kimeng'enya cha kolajenesi, kinachokata nyuzi za kovu. Marekani iliiruhusu mwaka 2013 kwa pindo la kuanzia nyuzi 30. Hutolewa sindano mbili kwa mzunguko, mizunguko isiyozidi minne yenye nafasi ya wiki sita, na mgonjwa hunyoosha uume kwa mkono kila siku kama alivyofundishwa. Katika majaribio makubwa pindo lilipungua kwa wastani wa asilimia 34, na waliodungwa maji matupu walipungua asilimia 18. Ni faida, lakini mwenye nyuzi 40 anabaki na ishirini na kitu. Ni ghali mno, hata Ulaya imeondolewa sokoni, kwa hiyo mtu akikuambia anayo chumbani kwake Arusha, muulize chupa na risiti.

Nyingine ni verapamili, dawa ya presha, ambayo daktari bingwa anaweza kudunga ndani ya kovu miligramu 10 kila wiki mbili, mpaka mara 12. Ushahidi wake ni dhaifu na majibu yanatofautiana. Ukipewa na bingwa baada ya kuelezwa hivyo, sikukatazi. Sindano za steroidi ndani ya kovu usikubali: hukondesha nyama, hugandisha tabaka pamoja, na zinampa mpasuaji kazi ngumu baadaye.

Tuchukue sasa daftari lako tuone linavyoamua. Tuseme mwezi huu wa saba unasoma nyuzi 35, maumivu alama 5. Mwezi wa nane nyuzi 40, maumivu 3. Wa tisa 45, maumivu 2. Wa kumi 45, wa kumi na moja 40, wa kumi na mbili 45, maumivu 0 miezi yote mitatu. Hiyo 40 katikati ni mkono kutikisika. Pindo lilipanda mpaka mwezi wa tisa, likatulia. Ukifika mwezi wa kumi na tano bado liko 45, umekamilisha miezi sita ya utulivu, na hapo mazungumzo ya upasuaji yana maana. Lakini kama daftari lingesoma 35, 45, 55, 60, kovu bado linasogea, na hata mwaka ukiwa umetimia unaendelea kusubiri.

Na ukiwa umetulia kwenye 45, swali linalofuata ni la mezani kwako na mkeo: je, tendo linafanyika? Kuna wanaume wenye nyuzi 30 hawaingii kabisa kwa sababu pindo limekaa vibaya, na wapo wenye 45 za kwenda juu wanaoendelea bila shida. Kama linafanyika bila kumuumiza yeyote, hakuna sheria inayosema unyooshwe.

Kama halifanyiki, na uume wako bado unakaza vizuri wenyewe au kwa kidonge, upasuaji unaokufaa kwenye 45 ni wa kukunja upande mrefu. Mpasuaji hafukui kovu. Anafungua ngozi, kwa kawaida kwenye alama ya tohara, anajaza uume maji ya chumvi ili usimame na pindo lionekane, kisha anaweka nyuzi za kushona zisizoyeyuka upande wa pili wa kovu, anakunja ala kidogo kidogo mpaka uume unyooke. Wewe umepinda kwenda juu, kwa hiyo mshono utakuwa chini, pembeni mwa mrija wa mkojo, mbali na mishipa ya fahamu ya kichwa inayopita juu. Hiyo ni bahati ya aina yake, kwani anayepinda kwenda chini lazima mishipa hiyo ifanyiwe kazi jirani yake, na ganzi ya kichwa ni hatari zaidi kwake.

Wanaonyooka ni zaidi ya wanane kati ya kumi. Gharama yake ni urefu. Upande mrefu unafupishwa uwe sawa na mfupi, na ungependa kusikia hili kabla kuliko baada: uume utakuwa umenyooka lakini hautarudi ulivyokuwa ukiwa na miaka 40. Unaweza pia kuvigusa vifundo vya uzi chini ya ngozi. Wiki mbili za mwanzo, uume unaposimama usingizini, utauma. Tendo hakuna kwa wiki sita kamili, kwa sababu nyuzi zikikatika mapema pindo linarudi.

Pindo likizidi nyuzi 60, au uume ukiwa umebonyea kama kiuno cha nyigu, kukunja hakutoshi. Hapo kovu hukatwa na pengo kuwekwa kiraka, kwa mfano kipande cha mshipa wa mguu. Urefu huokolewa zaidi, ila uume unaweza kushindwa kukaza baadaye, na kwa mwenye kisukari ambaye tayari anategemea kidonge hatari hiyo ni kubwa mno kuipuuza. Na kama uume haukazi hata kwa dawa, kunyoosha peke yake hakumsaidii mtu. Anayehitaji tendo huwekewa vipandikizi ndani ya ile mirija miwili, vinavyonyoosha na kukaza kwa pamoja, sukari ikiwa imedhibitiwa kwanza, maana kipandikizi kikiingiwa na usaha lazima kitolewe.

Kwa kuanza, nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mount Meru, au kituo ambako kadi yako ya bima inakubalika. Dirishani sema unahitaji kuonwa kwa tatizo la njia ya mkojo, inatosha. Mengine utamwambia daktari mlango ukiwa umefungwa. Omba barua ya rufaa kwenda KCMC Moshi, ambako wapo mabingwa wa mfumo wa mkojo, na uende kabla upasuaji haujawa swali, ili pindo lako liandikwe mapema kwenye faili. Beba daftari, majibu ya sukari ya miezi mitatu na ya figo, na dawa zako zote kwenye mfuko, hata za mizizi. Wanaweza kukudunga dawa ya kusimamisha uume ili wapime pindo kwa ultrasaundi na kuangalia damu inavyoingia. Ukidungwa, usipande basi la kurudi Arusha mpaka uume ulale. Uume ukikaa umesimama zaidi ya saa nne, rudi hospitali usiku huohuo, kwa sababu damu iliyokwama inaua sponji.

Mambo mengine mawili hayangoji miadi. Ukisikia mlio wa kukatika wakati wa tendo, uume ukalala ghafla na kuvimba rangi ya bilinganya, ala imepasuka, na inatakiwa kushonwa upesi, ikiwezekana siku hiyohiyo. Na kidonda kisichopona au uvimbe unaokua kwenye ngozi au kichwani mwa uume ni kitu kingine kabisa, kionwe wiki hiyo.

Kuhusu mkeo, mwambie wiki hii, mchana, si kitandani. Miezi saba ya kumkwepa ameshaitafsiri kwa namna yake, na tafsiri ya kwanza ya mke mara nyingi ni kwamba kuna mwanamke mwingine. Mwambie hivi: "Nina kovu ndani, linaniuma na limenipinda, si ugonjwa wa kuambukiza, daktari amesema linahitaji miezi ya kupimwa." Kisha mwonyeshe daftari. Naye ana la kusema ambalo mpasuaji atalihitaji: kama anaumia, wakati gani, na kwa mkao upi. Siku ya Moshi, nendeni wawili.